Sekunde kumi na tano za utambulisho: namna ya kuiandikia akili mnemba maelekezo ya muziki wa podikasti ya biashara ndogo

Kila wiki hatukosi kijana wa hapa Singida Mjini anayetuuliza jambo hilihili. Ana simu nzuri, ana maikrofoni ya kubandika kwenye shati, na ameshawahoji wauza vitunguu wawili wa Misuna na fundi cherehani mmoja. Anataka kuanzisha podikasti ya biashara ndogo. Kilichobaki ni muziki wa kufungulia: sekunde kumi na tano, uchangamshe, na msikilizaji akiusikia tu ajue ni kipindi kile. Studio ya kurekodi itamgharimu fedha ambayo hana, kwa hiyo amefungua programu ya akili mnemba inayotunga muziki kwa maandishi, ameandika maelekezo, na amepata nyimbo nane zinazofanana na matangazo ya benki. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye neno "kutambulika". Kuchangamka ni sifa ya muziki, na programu inaijua. Kutambulika hakumo ndani ya muziki. Kunatokana na kitu kimoja cha pekee kinachorudiwa kwa muda mrefu bila kubadilishwa. Waliokua wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam wanazikumbuka ngoma zilizotangulia taarifa ya habari. Mpigaji wake alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyepiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja akiwa peke yake. Hazikuwa na gitaa wala kinanda, na hakuna aliyeimba. Mapigo machache ya kwanza yalitosha mtu aliyeko jikoni kuongeza sauti ya redio. Hakuna ngoma nyingine iliyosikika vile, na haikubadilishwa kila msimu ili kwenda na wakati.

Programu ya akili mnemba hufanya kinyume. Imefunzwa kwa rekodi nyingi mno, na ukiipa maneno ya jumla inakupa kitu cha katikati, yaani kile kinachofanana zaidi na vingine vyote vilivyowahi kuitwa hivyo. Vijana wengi huanza na maelekezo ya namna hii:

```
upbeat catchy podcast intro, small business, African
```

Kinachotoka mara nyingi ni ukulele, makofi, mluzi na kengele ndogondogo, kwa sababu ndivyo zinavyosikika video nyingi za kampuni zinazotaka kuonekana zina furaha. Neno la mwisho nalo huongeza ngoma za Afrika Magharibi na kwaya ya watu wanaoitikia bila maneno. Si mbaya masikioni. Lakini msikilizaji wa Mwenge au Kindai hataweza kuutofautisha na tangazo lililotangulia. Maneno "catchy" na "memorable" hayafanyi kazi yoyote humo, maana hayaielezi sauti, yanaeleza matumaini ya mwandishi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, tafuta hicho kitu kimoja. Sisi tungeanzia kwenye jina la kipindi. Tuseme kipindi kinaitwa "Mtaji Mdogo". Litamke taratibu huku ukigonga meza. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na herufi "m" hapa ni silabi kamili, kwa hiyo utasikia: m-TAA-ji, m-DOO-go. Fupi, ndefu, fupi. Fupi, ndefu, fupi. Tayari una mdundo wa noti sita ambao msikilizaji atautamka kichwani bila kuambiwa. Ukiipa kila silabi fupi nusu pigo na kila silabi ndefu pigo zima, jumla ni mapigo manne kamili, yaani baa moja ya muziki wa kawaida wa nne kwa nne. Zile silabi ndefu zinaanguka katikati ya mapigo, si juu yake, na hapo ndipo uchangamfu unapotoka. Wimbo ambao kila noti yake imekaa juu ya pigo hutembea kama gwaride.

Jina lenye umbo jingine litatoa mdundo mwingine. "Duka la Mtaa" halitaingia kwenye kiini hiki, na ndivyo inavyotakiwa.

Noti zenyewe waweza kuzipata kwa mwanakwaya yeyote anayesoma solfa. Kwa mfano wetu tuchukue: so ya chini, do, mi, re, la ya chini, do. Imba "Mtaji" kwa tatu za kwanza na "Mdogo" kwa tatu za mwisho. Inapanda, inashuka, inarudi nyumbani. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuishika, na hicho ndicho kipimo tunachokitaka.

Sasa hesabu ya muda, ambayo wengi huiruka halafu wanahangaika kukata. Kasi ya muziki hupimwa kwa mapigo kwa dakika. Ukichagua mapigo 120, kama programu nyingi zinavyopenda, ndani ya sekunde 15 utapata mapigo 30, sawa na baa saba na nusu. Wimbo utakatika katikati ya sentensi yake. Ukichagua 128, sekunde 15 zinakupa mapigo 32, yaani baa 8 kamili, bila kubaki chochote. Mapigo 96 nayo yanafunga vizuri, kwa baa 6, lakini ni mwendo wa kutikisa kichwa zaidi kuliko kuamsha mtu. Singeli inayokimbia kwa mapigo zaidi ya 200 ingechangamsha kweli, ila maneno ya mtangazaji hayatasikika juu yake. Tunabaki na 128.

Baa nane hizo tuzigawe. Kila moja inachukua chini kidogo ya sekunde mbili. Ya kwanza ni kiini peke yake, noti sita, bila kitu kingine, ili sikio lisigombaniwe. Ya pili kiini kinarudi na makofi kwenye pigo la pili na la nne. Baa ya tatu na ya nne besi inaingia. Hapo tumefika sekunde ya 7 na nusu, na mtangazaji anaanza kusema. Baa ya tano na ya sita kiini kinanyamaza kabisa, yanabaki makofi na besi, kwa sababu sauti ya mtu na sauti ya kinanda hugombania masafa yaleyale. Nafasi hiyo ni sekunde tatu na robo tatu. Sentensi "Karibu Mtaji Mdogo, kutoka Singida Mjini" ina silabi 18 na inakaa humo bila kukimbizwa. Ukiongeza jina lako, la mdhamini na namba ya toleo, utaanza kubana pumzi. Hayo yasemwe baada ya muziki. Baa ya saba kiini kinarudi mara ya mwisho, na mwanzoni mwa baa ya nane linapigwa pigo moja zito kisha kimya.

Hilo pigo la mwisho tusimwachie kompyuta. Tumesikia mapendekezo mengi ya sauti ya kuwakilisha Singida: jogoo, mashine ya kukamulia alizeti, sarafu zinazodondoka. Jogoo tungemwacha, ingawa kuku wa Singida wana jina nchi nzima, kwa sababu kila kituo cha redio kina jogoo wake wa asubuhi. Mashine ya alizeti huvuma mfululizo, haina mwanzo wala mwisho wa kushika. Sarafu zimechoka. Lakini mlango wa chuma wa kibanda unapofunguliwa saa moja asubuhi, komeo likavutwa na bati likagonga ukuta, hiyo ni sauti ya biashara ndogo ambayo kila mfanyabiashara anaijua kwa mgongo wake. Irekodi kwa simu, karibu, asubuhi kabla bodaboda hazijaanza. Mlango unafunguka, kipindi kinaanza.

Tukiyakusanya hayo, maelekezo yanakuwa hivi. Tunayaandika kwa Kiingereza kwa sababu programu hizi zimefunzwa zaidi kwa maelezo ya lugha hiyo, na majina ya ala huzitii vizuri zaidi kwa njia hiyo:

```
128 BPM, 4/4, G major, bright and dry.
Starts at once with a six-note hook on plucked
thumb piano, short-LONG-short, played twice.
Hand claps on 2 and 4, shaker, round electric bass.
Middle section: claps and bass only.
Hook returns once. Ends on one hard hit.
```

Tazama yaliyomo. Hakuna neno linalosifia. Kila mstari unataja kitu kinachoweza kusikika: kasi, ufunguo, ala, mahali pa kuingia, mahali pa kunyamaza. Neno "dry" linaizuia programu kuumwagia muziki mwangwi wa ukumbini, ambao ukikatwa kwenye sekunde ya 15 husikika kama mtu aliyezibwa mdomo. "Starts at once" ni la lazima, la sivyo utapewa sekunde nne za upepo na kinanda kinachopanda polepole, na robo ya muda wako imekwisha.

Vitu usivyovitaka usiviandike humo. Ukiandika kwamba hutaki waimbaji, neno la waimbaji limeshaingia na mara nyingine ndilo linalosikilizwa. Kwenye Suno kuna kitufe cha `Instrumental` cha kuzuia uimbaji, na sehemu iitwayo `Exclude styles` ya kuorodhesha usichokitaka. Hapo ndipo pa kuweka `ukulele, whistling, choir, strings`.

Hata ukiandika vizuri hivyo, usitegemee programu ihesabu baa. Inafuata hali ya jumla na ala, ila muundo inaukisia tu. Noti za solfa haitazisoma kabisa. Kwa kiini chako kuna njia bora: weka kipima mapigo kwenye 128, vaa spika za masikioni, rekodi ukipiga mluzi wa kiini kwa mpangilio tuliouchora, kisha pandisha rekodi hiyo. Kwenye Suno unapandisha sauti yako halafu unachagua `Cover`, ukiipa maelekezo yaleyale. Itaushika mluzi wako kama njia ya wimbo na kuuvika ala. Hapo wimbo ni wako, na programu imeshona nguo tu.

Neno "thumb piano" linahitaji tahadhari moja. Jirani zetu Wagogo, ambao wako hata Manyoni ndani ya mkoa huu, wana ilimba, ala aliyoipeleka duniani Hukwe Zawose. Ilimba ya kweli ina mzizimo, kitu kinachotetemeka pembeni ya kila noti, na upangaji wake wa sauti haulingani na wa kinanda. Programu itakupa sauti safi ya kalimba za dukani. Ikiwa unataka ilimba, mtafute mpigaji, mlipe, mkubaliane kwa maandishi rekodi itatumika wapi, na umrekodi. Usiiite ilimba kitu ambacho si ilimba, wasikilizaji wa Manyoni watakupigia simu.

Tengeneza matoleo kumi hivi, usikilize sekunde tano za kwanza za kila moja, na utupe yote ambayo kiini hakisikiki humo. Yatabaki mawili au matatu. Chagua moja ulifungue kwenye Audacity, ambayo ni ya bure. Weka alama kwenye mshindo wa kwanza kabisa, hesabu baa nane kwa kufuata makofi, weka alama nyingine pale baa ya tisa ingeanza. Soma urefu. Mara nyingi hautakuwa 15 kamili, maana 128 ya programu huweza kuwa 123. Tuseme umepata sekunde 15.6. Chagua kipande hicho, fungua `Change Tempo`, na kwenye sehemu ya urefu andika 15. Kasi inaongezeka kwa asilimia 4 bila sauti kupanda. Mpaka asilimia 5 au 6 hakuna atakayegundua. Zaidi ya hapo makofi huanza kusikika kama yametafunwa, na ni afadhali utengeneze upya.

Ikiwa toleo ulilolipenda lina baa nane nzuri lakini zimepangwa ovyo, zikate na uzipange mwenyewe. Kata daima kabla tu ya pigo, mahali mstari wa sauti unapovuka sifuri. Kwenye Audacity chagua mahali hapo kisha bonyeza Z. Ukikata kwingine utasikia mlio mdogo, tik, kila mara, na utausikia maisha yako yote. Mwisho futa pigo la kompyuta la baa ya nane na uweke mlango wako wa chuma, kwenye sekunde ya 13 na kidogo.

Kisha uutoe nje ya spika za masikioni. Spika ya simu ya kawaida haitoi besi, na podikasti nyingi zinasikilizwa simu ikiwa mfukoni au juu ya meza ya biashara. Cheza muziki wako kwenye simu ya bei ndogo uliyoiweka juu ya gunia, ukiwa hatua tatu mbali, karibu na barabara. Besi ikipotea na muziki nao ukapotea, kiini chako kiko chini mno. Kipandishe oktava moja, yaani noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi. Jaribio la pili ni la siku mbili. Mchezeshee mtu mara tatu, usimwambie kwa nini, kesho yake mwombe auimbe. Akikuimbia makofi tu, huna kiini. Akiimba noti nne kati ya sita, hata kwa ufunguo wa ajabu, umefika.

Kuna jambo ambalo ni lazima liamuliwe kabla ya toleo la kwanza, nalo ni haki. Akaunti ya bure ya Suno hairuhusu muziki wake kutumika kibiashara, na ukija kulipia baadaye ruhusa hairudi nyuma kufunika nyimbo ulizotengeneza ukiwa wa bure. Fikiria maana yake. Umetoa matoleo arobaini, watu wa Utemini wanaimba kiini chako, anakuja mkamuaji wa alizeti anataka kudhamini kipindi kwa shilingi laki mbili kwa mwezi. Siku hiyo kipindi kimekuwa biashara, na muziki wake hauna ruhusa. Kubadili muziki wakati huo ni kutupa kile hasa ulichokijenga kwa matoleo arobaini. Kwa hiyo lipia mwezi mmoja kabla ya kutengeneza, fanya kazi yote ndani ya mwezi huo, hifadhi stakabadhi na nakala ya masharti yalivyosomeka siku ile. Masharti ya programu hizi hubadilika, na kampuni zenyewe zimepitia mivutano: mwezi Juni 2024 kampuni kubwa za muziki za Marekani ziliwashtaki Suno na Udio kwa madai ya kutumia rekodi zao kufunzia programu bila idhini.

Kumiliki ni swali jingine. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba maelekezo peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtunzi wa kilichotoka. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inamlinda mtu aliyebuni kazi. Aliyeandika mistari sita ya maelekezo na kubonyeza kitufe hana mengi ya kuonyesha. Aliyepiga mluzi wa noti sita alizozitunga kwa jina la kipindi chake, akarekodi mlango wa kibanda cha shangazi yake, akapanga baa nane kwa mkono, ana kitu mkononi.

Hifadhi ile rekodi ya mluzi kama ilivyotoka kwenye simu, na tarehe yake, pamoja na solfa uliyoiandika kwenye daftari na faili la Audacity lenye vipande vyote. Zitoe nakala mbili, moja isikae kwenye simu. Muziki uliokamilika uuhifadhi kwa WAV, na MP3 uitoe kutoka humo kila unapoihitaji. Ukitaka kusajili kazi yako COSOTA, waeleze wazi kipi umekitunga wewe na kipi kimetoka kwenye programu.